Sauti na Mguu Vikutane



Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alitangaza mpira redioni kwa miaka mingi. Msikilizaji wa redio haoni kitu, kwa hiyo mtangazaji hana budi kumchorea uwanja mzima kwa maneno. Lakini kijana wa Migori au Homa Bay anayerekodi mechi ya mtaani kwa simu, kisha akatia sauti juu ya muhtasari ili jamaa walioko Pwani wautazame, kazi yake ni nyingine. Hana haja ya kusema kuwa mpira umekwenda kulia, kwani jicho limekwisha kuona. Kazi ya sauti ni kumtaja mchezaji na kumwandaa mtazamaji kwa lijalo.

Tuchukue mfano wa kipande cha sekunde 12: Migori wapiga kona, na Homa Bay wafungwa kwa kichwa katika sekunde ya 8. Mpangilio huanzia nyuma. Neno “Bao!” liangukie sekunde ya 8, mpira ukivuka mstari, wala si kabla. Sekunde 4 za mwanzo ni za utulivu: “Kona ya Migori, dakika ya themanini, bado sare.” Hayo ni maneno manane, na msemaji mtulivu husema kama mawili kwa sekunde. Kona ikipigwa, vitenzi vifupike: “Aupiga… wainuka… kichwa!” Hapa Kiswahili chatusaidia, kwani “aupiga” huuwahi mguu, ilhali “anaupiga mpira” huchelewa. Baada ya bao, msemaji anyamaze sekunde 3, umati usikike. Jina la mfungaji lina nafasi yake katika marudio ya polepole.

Kosa la kawaida ni kupaaza sauti tangu kona inapopangwa. Bao likija, sauti haina tena pa kupanda. Ili kulitambua, funika kioo cha simu usikilize tu. Usipoweza kujua bao limeingia wapi, sauti ilikuwa tambarare.

Kosa la pili ni kufuata sikio badala ya jicho. Mpigapicha akiwa mita 100 kutoka langoni, kishindo cha mpira humfikia takriban theluthi moja ya sekunde baada ya mguu kugusa. Basi neno na lipangwe kwa kuutazama mguu, si kwa kusubiri kishindo.

Na kipa akiteleza, yatosha kusema mara moja, “Mpira umemponyoka.” Mechi huisha, lakini muhtasari huchezwa tena na tena sebuleni, na mama wa kipa yule yumo miongoni mwa wasikilizaji. Kejeli ya sekunde 2 humrudia mwanawe kila unapochezwa.