Bima ya nyumba zetu za mbao: tusomewe kwanza yale yasiyolipwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowaumiza watu wa Karuba na wengine wengi wa Masisi ambao waliwahi kutoa pesa zao kulipia bima ya moto na wizi. Mimi ni katibu wa muso, yaani chama chetu cha kusaidiana, na watu huniletea karatasi zao niwasomee. Nimezisoma vya kutosha kujua kwamba bima hiyo si utapeli, lakini namna inavyouzwa kwetu haina haki.

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu karatasi zake zote nimezishika mkononi. Yeye ni fundi cherehani. Nyumba yake iko kando ya barabara, vyumba vitatu vya mbao za mikaratusi, sakafu ya saruji na mabati juu. Kuijenga upya kungegharimu dola 3,000. Wakala wa kampuni moja ya bima alipofika, alimshauri aandikishe nyumba kwa dola 1,800 tu ili ada iwe ndogo, na vyombo vya ndani kwa dola 1,200: cherehani mbili, magodoro, paneli ya jua na betri yake, redio, nguo. Ada ya moto ikawa dola 60 kwa mwaka. Juu yake wakala akaongeza dola 40 za wizi, akisema hizo mbili haziuzwi mbalimbali. Jumla ilikuwa dola 100 kwa mwaka, na kwa fundi wa kijijini hizo ni nguo nyingi za kushona.

Mwaka wa pili moto ulitoka jikoni, kwenye mbabula iliyoachwa na makala yenye uhai. Majirani waliuzima kwa ndoo na udongo, maana huku hakuna gari la zimamoto la kusubiri. Jiko na chumba kimoja viliungua, na cherehani moja ikaharibika. Fundi wa mbao alipiga hesabu ya matengenezo, akafikia dola 1,000. Vyombo vilivyoungua, kwa bei ya kununua vipya, vilikuwa dola 300. Mdogo wangu akawa anangoja dola 1,300. Akapewa 680.

Alidhani ameibiwa. Nilikaa na mkataba wake jioni nzima, nikaona kwamba hesabu ilifuata yale yaliyoandikwa. Nyumba ya dola 3,000 ikiandikishwa kwa 1,800, kampuni inahesabu kwamba imebeba asilimia 60 tu ya hatari, na iliyobaki umeibeba mwenyewe. Kwa hiyo hata kikiungua chumba kimoja, inalipa asilimia 60 ya hasara ya chumba hicho. Dola 1,000 zikawa 600. Kisha ikakatwa franshizi, ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye nyumba hujibebea katika kila tukio. Kwake ilikuwa dola 100, zikabaki 500. Vyombo navyo vililipwa kwa thamani ya vitu vilivyokwisha kutumika, si kwa bei ya dukani, basi dola 300 zikashuka hadi 180. Ukijumlisha 500 na 180 unapata 680.

Kinachonikera ni kwamba wakala aliyemshauri apunguze thamani hakumweleza hata sentensi moja juu ya kanuni hiyo. Kuandikisha nyumba kwa thamani yake kamili kungemwongezea ada ya dola 24 tu kwa mwaka. Kwa dola hizo 24, matengenezo yale yale yangelipwa dola 900 badala ya 500. Mtu aliyeshauriwa hivi hakuuziwa bima nafuu, aliuziwa nusu ya bima bila kujua nusu nyingine iko wapi.

Hata hivyo, nikiulizwa kama bima ya moto ilimfaa, nitajibu ndiyo. Kwa miaka miwili alitoa dola 200 na akapata 680, na kwa pesa hizo alirudi kazini. Lakini wengi hawaunguliwi, kwa hiyo bahati yake haitoshi kuwa kipimo. Kipimo ninachowapa watu wa muso ni hiki. Dola 60 kwa dola 3,000 zilizoandikishwa, nyumba na vyombo pamoja, ni sawa na moja kwa hamsini. Tazama nyumba hamsini zinazofanana na yako, mahali panapofanana na pako, ujiulize mioto yao ya mwaka mzima, mikubwa na midogo, inafikia hasara ya nyumba moja nzima au la. Kwa nyumba zilizobanana kando ya soko, zenye mbabula, mishumaa na chupa za petroli ya kuuza, jibu laweza kukaribia ndiyo. Mitaa ya mbao ya Kadutu kule Bukavu inajua moto unavyoruka kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa nyumba iliyo peke yake mlimani, jiko likiwa nje, jibu ni hapana.

Jibu likiwa hapana, bado mtu anaweza kukata bima kwa sababu nyingine iliyo nzuri, nayo ni kwamba hasara ya nyumba nzima hawezi kuibeba. Kampuni lazima ilipe mawakala na ibaki na faida, kwa hiyo wateja wote kwa pamoja watatoa zaidi ya watakachorudishiwa. Bima basi inafaa kwa lile janga ambalo likikupata husimami tena. Mwenye nyumba moja, asiye na akiba, aliyeweka kazi yake chini ya paa hilo hilo, anayo sababu ya kulipa dola 60, au 84 kwa thamani kamili.

Wizi ni jambo jingine, na hapa ndipo manung'uniko yangu yalipo hasa. Dola 40 kwa vyombo vya dola 1,200 ni moja kwa thelathini, ghali kuliko moto, na masharti yake hayakutungwa kwa nyumba zetu. Mkataba unataka alama za kuvunja, yaani kufuli iliyokatwa au mlango uliong'olewa. Mwizi wa huku hutegua ubao mmoja nyuma ya nyumba, anachukua redio, anaurudisha ubao mahali pake. Mwenye mali atathibitisha nini? Kitu kilichochukuliwa na mtu anayelala humo humo ndani hakilipwi. Nyumba ikikaa tupu kupita siku zilizotajwa, kinga ya wizi inasimama. Na kwa kila dai yatakiwa prosevebali ya polisi, ndani ya siku chache.

Kisha vikaja vita. Mapigano yalipofika Mushaki na Karuba mwaka 2023, watu walibeba watoto na magodoro wakaelekea Sake na kambi za pembeni mwa Goma. Mdogo wangu aliporudi kuangalia, mabati hayakuwepo, milango haikuwepo, na cherehani iliyobaki ilikuwa imekwenda. Aliambiwa halipwi chochote, kwa sababu vita, ghasia na uporaji unaofuatana navyo havimo katika kinga. Hilo limeandikwa kweli, ukurasa wa nyuma, kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo. Mikataba ya kawaida ya moto duniani kote hutenga vita, kwa sababu vita huwapiga wateja wote siku moja na hakuna mfuko wa kampuni unaoweza kuhimili. Mingi hutenga pia mlipuko wa volkano mpaka uulipie nyongeza, na watu wa Goma waliounguliwa na Nyiragongo Januari 2002, na wale wa Buhene Mei 2021, wanajua uzito wa mstari huo.

Silaumu kampuni kwa kukataa kubeba vita. Ninalaumu kumuuzia mtu wa Masisi bima ya wizi bila kumwambia kwamba wizi anaouogopa zaidi, ule wa wenye bunduki na ule wa nyumba iliyokimbiwa, ndio usiolipwa. Ninalaumu pia kwamba ada ya mwaka mzima ilibaki kwao, ingawa kinga ya wizi ilikuwa imesimama tangu nyumba ilipokuwa tupu. Na mabenki ya Goma yalipofungwa Januari 2025, aliyekuwa na dai halali la moto alikosa pa kulipeleka na pa kupokelea pesa, huku siku zikihesabiwa dhidi yake.

Katika muso yetu, hasara ndogo za wizi tunazibeba wenyewe kwa sanduku jekundu, lile la misaada, ambalo ni mbali na sanduku la kijani la akiba na mikopo. Wanachama 25 wakitoa dola moja kila mwezi, mwaka unafikisha dola 300. Zinatosha kumrudishia mtu cherehani na magodoro, na majirani wenyewe wanajua kama kweli ameibiwa. Hazitoshi kujenga nyumba ya dola 3,000, na siku tukikimbia wote, sanduku linakimbia nasi likiwa jepesi. Kwa hiyo sisemi muso ichukue nafasi ya bima. Nasema dola 40 za wizi zinafaa zaidi humo, na pesa za moto ziende kwenye bima kwa anayezihitaji.

Sheria ya bima ya Machi 2015 ilimaliza enzi ya SONAS peke yake, kampuni nyingine zikaingia, na ARCA ikawekwa kuzisimamia. Kwa hiyo ombi langu linaenda kwa ARCA na kwa kampuni zote zinazotuma mawakala Masisi na Walikale. Kwanza, kabla ya mteja kutia sahihi, asomewe kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa yale yasiyolipwa, na aachiwe nakala. Pili, moto na wizi viuzwe mbalimbali. Tatu, wakala aandike thamani kamili ya nyumba, na mteja akitaka kupunguza, aonyeshwe kwa hesabu atalipwa kiasi gani chumba kimoja kikiungua. Nne, mtu akilazimika kukimbia vita, ada ya miezi iliyobaki arudishiwe au isogezwe mbele, na siku za kutoa taarifa zisihesabiwe akiwa njiani.

Hayo yasipofanyika, nitaendelea kuwaambia wanaoniletea karatasi zao: moto, lipa ikiwa nyumba hiyo ndiyo yote uliyo nayo, na kwa thamani yake kamili. Wizi, usilipe.

Wako,

Katibu wa muso,
Karuba, Masisi