Asilimia 10 Haitoki kwa Kukata Kila Kitu Asilimia 10

Si jambo geni visiwani petu kumsikia baba au mama wa nyumba akiapa kwamba kuanzia mwezi ujao atabana matumizi kwa asilimia 10, na mwisho wa mwezi akaikuta sanduku yake tupu kama ilivyokuwa. Aghalabu lawama humwangukia mpishi, au mtoto aliyeomba daftari. Kwa hakika kosa huwa katika hesabu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, inayotumia shilingi 600,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 130,000, ada na mahitaji ya shule 40,000, na marejesho ya mkopo 30,000. Chakula huchukua 240,000, usafiri 60,000, umeme na mkaa 50,000, simu 20,000, nguo na michango 30,000. Nyumba hiyo inataka kuweka akiba asilimia 10, yaani shilingi 60,000.

Jambo la kwanza la kutazama ni kile kisichokatika. Mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa sababu mpangaji ameazimia kuweka akiba, wala shule haitapunguza ada, wala mkopeshaji hatasamehe. Hizo ni shilingi 200,000 zisizoguswa. Basi zile 60,000 hazina budi kutoka katika 400,000 zilizobaki, nazo ni asilimia 15 ya fungu hilo. Anayekata asilimia 10 katika vinavyokatika peke yake atapata 40,000 tu, kisha atashangaa 20,000 zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni uzito wa kila fungu. Chakula ni asilimia 40 ya matumizi yote, kwa hiyo kukikata kwa asilimia 10 kunaleta akiba ya asilimia 4 ya jumla. Simu, hata ikifungwa kabisa, haifikishi asilimia 4. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kujua kila haba ina ujazo gani.

Hata hivyo hatushauri mkato wote uangukie sufuria. Nyumba yetu ikikata chakula kwa asilimia 10 itapata 24,000, yaani shilingi 800 kwa siku. Kiasi hicho kitafutwe kwa kupika muhogo au shelisheli la msimu mahali pa mchele baadhi ya siku, si kwa kupunguza sahani ya mtoto. Zinabaki 36,000 za kutafuta. Usafiri ukikatwa kwa robo, yaani katika kila safari nne za daladala moja iendewe kwa miguu, zinapatikana 15,000. Umeme na mkaa kwa asilimia 20 ni 10,000, na maharage yaliyorowekwa usiku kucha husaidia hapo. Simu kwa robo ni 5,000, nguo na michango kwa asilimia 20 ni 6,000. Jumla ni 60,000 kamili.

Msomaji ataona kwamba mafungu matano yamekatwa kwa wastani wa asilimia 20, na bado akiba ya jumla ni asilimia 10. Asilimia za mafungu mbalimbali hazijumlishwi wala hazigawanywi. Kinachojumlishwa ni shilingi.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo linalotuuma zaidi sisi tunaongojea chombo kitie nanga ndipo tule. Mchele ukipanda bei kwa asilimia 10, na mama akapunguza kipimo kwa asilimia 10, gharama yake itashuka kwa asilimia 1 tu. Ili gharama ishuke kwa asilimia 10 kama alivyokusudia, itambidi apunguze kipimo kwa asilimia 18 hivi. Kwa hiyo daftari la nyumba liandike vitu viwili, kipimo na bei. Akiba ikipungua hali kipimo kimeshuka, mwenye kulaumiwa si mpishi.

Na hapa tunawageukia wakuu wa serikali. Waraka unaoagiza kila kifungu cha idara kikatwe asilimia sawa una kasoro ile ile ya baba wa nyumba, kwani mishahara na madeni havikatiki, na mkato wote huishia kwenye dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Tena, kumhimiza mwananchi aweke akiba huku bei ya mchele, unga na sukari ikiachwa ipande ni kumtaka ajaze mtungi uliotoboka. Nyumba ile ya Ng'ambo imekwisha kata inapokatika. Asilimia nyingine ikitakiwa kwake, itatoka katika sahani ya mtoto.