Sarafu Ikuchagulie Kitambaa, Si Mchumba

Dada zetu, mara nyingi dukani tunamwona bibi harusi kashika vitambaa viwili, bei moja, ubora mmoja, saa nzima hajaamua. Tunamwambia rusha sarafu ya shilingi 200: Karume, cha kijani; simba, cha waridi. Panga kabla ya kurusha, na urushe mara moja tu. Ukitamani kurudia, ujue havikuwa sawa, chukua ulichokitamani. Mtume (s.a.w.) akitaka kusafiri akipiga kura baina ya wake zake, nani afuatane naye. Kilichokatazwa ni kupiga ramli kutafuta ya ghaibu. Ama mchumba, usimrushie sarafu: ulizia tabia yake, shauriana na wazee, kisha swali istikhara.