Kaitaba iombwe kwa karatasi, siyo kwa kujuana

BUKOBA. KAGERA Sugar ilishuka kutoka Ligi Kuu mwisho wa msimu wa 2024/25, lakini Kaitaba haikushuka nayo. Uwanja ni wa Manispaa ya Bukoba, una nyasi bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, na timu za mtaa kuanzia Bilele hadi Kashai zinautamani. Shida ni namna ya kuuomba. Kiongozi anampigia simu mtu anayemfahamu, anaambiwa "njooni tu", na akihamishwa huyo mtu, mpango wote umekufa.

Dawa yake ni hati ya makubaliano. Tuchukue mfano wa kituo cha soka cha Bilele chenye watoto 40 wa chini ya miaka 15, kinachotaka Kaitaba kila Jumamosi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi.

NANI AFANYE NINI

Hapa ndipo hati nyingi zinapofia. Utakuta imeandikwa "pande zote zitashirikiana kutunza uwanja". Maana yake hakuna anayetunza. Nyasi bandia zina chembe ndogo za mpira katikati, na watoto wakicheza zinasogea, hasa golini na kwenye alama ya penalti. Zisiposambazwa kwa brashi, nyasi zinalala na mahali hapo panakuwa pagumu.

Kwa hiyo andika hivi: kituo kitatoa watu wawili wa kusambaza chembe na kuokota taka kila baada ya mazoezi, na kitalipia kilichoharibiwa na watoto wake. Manispaa itafungua geti, itatoa brashi, na itatoa taarifa siku tatu kabla kama kuna mechi ya ligi. Kipimo ni rahisi: soma kila sentensi, ujiulize nani atalaumiwa lisipofanyika. Ukikosa jibu, andika upya.

MUDA

Usiandike "mwaka mmoja tangu kusainiwa". Saini zikichelewa hadi Novemba, hati itaisha Novemba inayofuata, ligi ya vijana ikiwa katikati. Andika tarehe: 1 Agosti hadi 30 Juni. Hiyo 30 Juni ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa, hivyo kama manispaa ina gharama yoyote, inaiona ndani ya bajeti moja. Weka pia mlango wa kutokea: upande unaotaka kujitoa utoe taarifa ya maandishi siku 30 kabla.

SAINI

Barua ya maombi iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ukurasa mmoja, rasimu ya hati ikiwa nyuma yake. Nakala mpe ofisa michezo, maana ndiye atakayeulizwa. Barua iseme mambo matatu tu: tunaomba nini, tutatoa nini, kwa muda gani. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Rasimu itapita kwa mwanasheria wa halmashauri. Suala likihitaji idhini ya madiwani, litapitia Kamati ya Fedha na Uongozi kisha Baraza la Madiwani, na mikutano ya kawaida ya Baraza ni ya kila robo mwaka. Ndiyo maana anayetaka kuanza Agosti na barua anaipeleka Julai amejifunga goli mwenyewe. Machi au Aprili ndiyo saa yake.

Kwa upande wa kituo, jambo la kwanza ni usajili. Kama hakijasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, upande wa pili utauliza unasaini na nani. La pili ni muhtasari wa kikao kilichompa mwenyekiti na katibu ruhusa ya kusaini. Bila huo, uongozi mpya ukiingia unaweza kuikana hati.

Siku yenyewe ziwepo nakala mbili zinazofanana, kila ukurasa uwekwe saini fupi, wa mwisho uwe na majina, vyeo, mihuri na mashahidi. Kila upande uondoke na nakala yake.

TAHADHARI

Wengi wanadhani hati ya makubaliano haimfungi mtu. Siyo hivyo moja kwa moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiangalii kichwa cha karatasi. Inaangalia kama watu wenye sifa wamekubaliana kwa hiari, kwa malipo au faida halali na kwa jambo halali. Ukiandika kwamba mtalipa kiasi fulani kila mwezi, unaweza kujikuta kwenye mkataba kamili. Kama hamtaki kufungwa, semeni wazi ndani ya hati, na mambo ya fedha yawekeni kwenye mkataba wake.

Kurasa tatu zinatosha. Robo mwaka hii Baraza likishakaa, anayesubiri simu ya kujuana atakuwa bado anasubiri.