Elfu Sitini ya Burat ni Shilingi Ngapi?

Nafasi za kazi zinazowafikia vijana wa Burat, kaunti ya Isiolo, huja na tarakimu moja yenye herufi nzito: 60,000, au 45,000 mkononi. Anayesoma huanza kulinganisha papo hapo, naye karibu kila mara hukosea. Kosa si lake. Tarakimu hizo hazipimi kitu kimoja.

Tuchukue matangazo matatu ya mfano, ya aina inayojulikana sana huko. La kwanza ni la shirika lisilo la serikali linalotafuta mhamasishaji wa jamii kwa 60,000 kwa mwezi. La pili ni la hoteli ya watalii inayotafuta msimamizi kwa 45,000 mkononi. La tatu ni la mradi wa miezi kumi na miwili, 60,000 kwa mwezi pia, ila mfanyakazi anaitwa mshauri wala si mwajiriwa. Wengi wangelipanga la pili mwisho, nyuma ya mengine kwa shilingi 15,000. Tuone.

Elfu sitini ya shirika ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF inachukua asilimia 6, ambayo ni 3,600. Bima ya afya ya SHA inachukua asilimia 2.75, yaani 1,650. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 900. Jumla ni 6,150. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya matatu hutolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo KRA inahesabu kodi kwa 53,850, si kwa 60,000. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Inakuja 10,938, kisha kila mlipakodi anapunguziwa 2,400 za unafuu. Kodi inabaki 8,538. Mfanyakazi anaondoka na takriban 45,312.

Sasa rudi kwa hoteli. Ili mtu ashike 45,000 kamili, mshahara ghafi unapaswa kuwa kama 59,500. Pengo la 15,000 lililoonekana kwenye matangazo limeyeyuka, na kilichobaki ni shilingi mia tatu na kitu.

Lakini ahadi ya mkononi ina mtego wake. Mwajiri anayesema kweli atalipa 45,000 kwa mfanyakazi na kupeleka kama 14,500 nyingine serikalini kwa niaba yake, kisha aongeze sehemu yake mwenyewe ya NSSF na ya tozo ya nyumba, karibu 4,460. Mwajiri asiyesema kweli atampa mfanyakazi zile 45,000 na kunyamaza. Anaokoa karibu 19,000 kila mwezi, na mfanyakazi haoni tofauti mfukoni hadi siku atakapofika hospitalini na kuambiwa michango yake ya SHA haipo, au atakapozeeka bila akiba. Kulitambua hili si kazi ngumu: fungua akaunti yako ya NSSF baada ya mwezi wa pili uone kama michango ya pande zote mbili imeingia, na piga *147# kuangalia hali yako ya SHA. Kama hakuna kitu, hiyo 45,000 haikuwa mshahara baada ya makato. Ulikuwa mshahara usiokatwa, tena mdogo.

Tangazo la tatu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mwanzoni ndilo tamu kuliko yote. Mshauri anakatwa asilimia 5 tu ya kodi ya zuio, hivyo anapokea 57,000. Jirani yake wa shirika anashika 45,312 na kuona wivu. Ila ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu, si kodi yote. Mwaka ukiisha, mshauri amepata 720,000, na kwa viwango vile vile kodi yake ya mwaka, baada ya unafuu, ni 124,600. Zuio limelipa 36,000. Zilizobaki, 88,600, ni deni lake mwenyewe kwa KRA, likipungua tu kwa gharama za kazi anazoweza kuzithibitisha na michango inayoruhusiwa, kama ya SHA. Ukigawa kodi hiyo kwa miezi, mapato yake halisi ni kama 49,600, na bado hajalipia afya wala hajaweka akiba ya uzeeni. Jirani ana 7,200 zinazoingia NSSF kila mwezi, nusu yake kutoka kwa mwajiri. Yeye hana hata moja. Hata likizo ya malipo hana. Nimeona watu wazima wakikopa ili kulipa kodi ya mwaka walioufurahia.

Waajiri husema hawawezi kutaja mshahara wa mkononi kwa sababu makato hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hoja hiyo ni ya kweli. Mwenye bima ya maisha anapata unafuu wa ziada, na mwenye ulemavu aliyepewa cheti na KRA hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Lakini hoja hii inaunga mkono kutaja mshahara ghafi. Haihalalishi kuandika tarakimu tupu. Ghafi haujali anayeomba ni nani. Kwa hiyo naona ndio pekee unaofaa kuandikwa kwenye tangazo, ukifuatwa na aina ya mkataba na mgawanyo wa mshahara wa msingi na marupurupu. Mgawanyo huo haubadilishi kodi, kwa kuwa posho ya nyumba au ya mazingira magumu inayolipwa taslimu hutozwa kama mshahara. Unabadilisha kiinua mgongo, ambacho kwa mikataba mingi ya umma huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake.

Mshahara ghafi nao una udhaifu, nao ni muda. Mwaka 2022, aliyekuwa na 60,000 alikatwa 200 za NSSF na 1,300 za NHIF, akaenda nyumbani na karibu 48,370. Tarakimu ile ile kwa viwango vya 2025 inampa pungufu kwa takriban elfu tatu. Sheria ikibadilika, mwenye mkataba wa ghafi ndiye anayebeba mzigo. Mwenye mkataba wa mkononi, ukiwa umeandikwa hivyo, anaubebesha mwajiri. Ndiyo maana ahadi ya mkononi isiyo kwenye karatasi haina thamani.

Kwa anayebishania nyongeza, kumbuka hesabu moja: kwa viwango vya 2025, kati ya takriban 36,000 na 72,000, kila shilingi inayoongezwa kwenye ghafi inakuachia senti 63. Nyongeza ya 5,000 ni 3,141.

Bodi ya utumishi ya kaunti na mashirika yanayoajiri Isiolo hayahitaji sheria mpya kuandika mstari mmoja zaidi kwenye tangazo, nayo yaanze. Wewe unayeomba, uliza kabla ya kutia saini: hii ni ghafi au ya mkononi, na mimi ni mwajiriwa au mshauri? Ukishaajiriwa, dai hati ya mshahara yenye makato yote yaliyoorodheshwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, inamlazimu mwajiri kukupa.