Usimhesabu Anayenunua, Mhesabu Anayeondoka Mikono Mitupu

Wasee, wacha niseme kitu ambacho kitawakera wengine. Ushauri wa "fungua biashara, uza bei ya chini kuliko jirani" ndio umemaliza mtaji wa vijana wengi hapa mtaani. Najua kwa sababu ulimaliza wangu.

Naishi Kahawa Wendani. Nilikopa thao sita kwa dadangu, nikanunua jiko, sufuria, kikaango na unga, nikaanza kuuza chapo. Utafiti wangu wote ulichukua dakika tano. Nilipita vibanda vya karibu, nikaona kila mtu anauza chapo mbao, nikasema mimi nitauza 15. Nikajiona mjanja kweli.

Sasa fanya hesabu na mimi. Pakiti ya kilo mbili za unga ilikuwa inanipa chapo 20. Ukiweka unga, mafuta, chumvi na makaa, kila chapo ilinigharimu kama bob 14. Jirani akiuza mbao anabaki na bob 6. Mimi nikiuza 15 nabaki na bob 1. Yaani ili nipate faida yake, lazima niuze mara sita ya zile anazouza, kwa mikono miwili na kikaango kimoja. Siku yangu bora niliuza chapo 80. Faida ilikuwa bob 80, na mgongo unauma. Baada ya wiki tano unga ukapanda kidogo na nikafunga. Dadangu hajawahi kunidai, lakini kila akiniangalia nilijua deni bado liko.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeangalia bei tu, na bei ndiyo kitu ambacho kila mtu anaona. Kile jirani anafanya vibaya hakijaandikwa kwenye ubao. Unakiona kwa mtu aliyekuja na pesa yake, akaangalia, akaondoka.

Kwa hivyo mara ya pili nilianza na daftari. Rafiki yangu ana kinyozi inayotazama barabara ya kwenda steji, na hapo mbele kuna vibanda vinne vya chapo. Niliketi kwenye benchi yake siku tatu za kazi, kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi, halafu saa saba mchana, halafu jioni mpaka saa tatu usiku. Kila aliyenunua nilimwekea alama upande mmoja. Kila aliyesimama akaondoka bila kitu, alama upande wa pili. Nilipoweza, nilimuuliza tu kwa heshima, "Boss, umekosa nini?" Watu hujibu, hasa wakiwa na njaa.

Pia nilikula kwa kila kibanda. Sikuenda kutafuta uchafu. Niliangalia nimengoja dakika ngapi, chapo ni moto au baridi, na chenji imepatikana au nimeambiwa nipitie baadaye.

Nikajifunza kwamba makosa si sawa yote. Kibanda kimoja kilikuwa na benchi bovu na nzi kibao, lakini mchana kilijaa kuliko vyote, kwa sababu mathe wa pale anapika madondo matamu na anawajua watu wa mjengo kwa majina. Anawapa kwa deni mpaka Jumamosi. Ningekuja na viti vizuri ningepoteza pesa, maana hakuna mtu aliyekuwa anaondoka kwa sababu ya viti. Kosa ambalo wateja wamelizoea si nafasi yako.

Upande wa pili wa daftari ulijaa saa mbili tofauti. Usiku baada ya saa mbili na nusu, na asubuhi kabla ya saa moja.

Hapa ndipo wengi huingia mtego. Ukiona pengo, usikimbilie kulijaza. Uliza kwanza kwa nini watu wanne walio hapa kila siku wameliacha. Nilienda kwa yule mathe wakati hana wateja, nikanunua chai, nikamwambia ukweli kwamba nataka kuanza kazi. Nilimuuliza mbona hauzi usiku. Akacheka. "Mwanangu, usiku wanaokuja ni walevi, wanakula halafu wanakwambia kesho. Na hiyo njia ya nyuma haina taa. Niliwahi kunyang'anywa pesa ya siku nzima." Pengo la usiku lilikuwa tupu kwa sababu linagharimu zaidi ya faida yake. Nikalifuta.

Asubuhi je? Akasema yeye hukanda unga saa kumi na mbili, kwa hivyo chapo ya kwanza hutoka kama saa moja. Kuamka mapema zaidi hawezi, ana watoto wa kupeleka shule. Na mchana unamtosha. Sababu hiyo ilikuwa yake, haikuwa yangu. Mimi sina mtoto wa kupeleka shule.

Lakini mtu kupita asubuhi bila kununua haimaanishi angenunua. Labda hana pesa, labda alikunywa chai nyumbani. Kwa hivyo niliwafuata kwa macho. Wengi walivuka hadi dukani wakatoka na mandazi baridi ya jana, wakala wakitembea kwenda kwa mat. Huo ndio ushahidi ninaoamini. Mtu ambaye tayari anatoa pesa kwa kitu asichokipenda atakuja kwako ukimpa anachokitaka.

Sikulipia kibanda. Nilijaribu kwanza na hotipoti. Usiku nilikuwa nakanda, nasukuma na kuchoma chapo nusu bila mafuta. Saa kumi alfajiri nazimalizia na mafuta, nazifunga mbili mbili kwa karatasi, kwa sababu mtu anayekimbilia mat hana saa ya kukaa. Bei ni mbao, kama ya wengine. Nilisimama kwa geti ya ploti yetu, kwa ruhusa ya keateka, kwa sababu kwa steji yenyewe kanjo wangenibeba na hotipoti yangu.

Siku ya kwanza nilibeba 40, nikauza 26. Zilizobaki tulikula nyumbani mpaka tukachoka. Ijumaa zote 40 ziliisha kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Faida bob 240, na siku yangu bado haijaanza. Linganisha na zile chapo 80 za bob 80.

Siwadanganyi, hili pengo si langu milele. Mwezi wa tatu kuna msee alianza kuuza chapo na yai la kuchemsha hatua chache kutoka kwangu, saa ile ile. Nilijuaje ananiumiza? Hotipoti ilianza kurudi na chapo sita, kisha tisa. Nikarudi kwa benchi ya kinyozi na daftari langu. Safari hii yule wa kuhesabiwa walioondoka mikono mitupu nilikuwa mimi. Wengi walikuwa wananikuta natafuta chenji ya soo, wanatazama saa, wanaenda. Siku hizi natoka nyumbani na sarafu za kutosha.

Dadangu nimemlipa thao nne. Na yule mathe? Mtu akimfikia mapema sana, humwelekeza kwangu. Akija kwangu baada ya saa moja, namrudisha kwake, kwa madondo.