Tangazo lianze na msiba
Mwenzetu wa stoo akifiwa na mama yake Jumatano, na sherehe ya idara ilipangwa Jumamosi, kiongozi wa timu hana budi kuandika siku hiyo hiyo. Matangazo mengi huanza na ukumbi, malipo ya awali na kuomba radhi kwa usumbufu, marehemu akaja mstari wa mwisho. Mfiwa akiyasoma ataona kifo cha mama yake kimekuwa kero. Mpigie kwanza, umpe pole, upate ridhaa yake, kisha uandike: “Ndugu zangu, kwa masikitiko nawajulisha kuwa mwenzetu wa stoo amefiwa na mama yake mzazi. Msiba uko nyumbani kwake, Mbagala. Taratibu za mazishi tutawajulisha familia ikishakaa. Sherehe ya Jumamosi imeahirishwa.” Kuhusu sherehe, hapo panatosha. Tarehe mpya isitajwe bado, maana ikiangukia kabla ya arobaini wengi watakuja shingo upande. Rambirambi apokee mtu mmoja anayejulikana, na fedha za sherehe zisihamishiwe huko kabla wachangiaji hawajaulizwa. Hapo ndipo manung’uniko huanzia. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo, kwa hiyo tangazo liseme pia nani atashika stoo, mtu asije akampigia mfiwa matangani kuuliza funguo ziko wapi.